Dakika Nane na Nyonga ya Kushoto

Karatasi inayobandikwa nje ya kituo cha nyonga huwa fupi. "Mgonjwa huyu ana miaka 29. Anachechemea kwa mwaka mmoja sasa. Mkague nyonga. Usimuulize historia ya ugonjwa. Dakika mbili za mwisho mweleze mtahini ulichokiona." Mwanafunzi wa udaktari hupewa dakika moja ya kuisoma, kengele inalia, anasukuma pazia na kuingia. Ndani kuna kitanda, mgonjwa, futi ya kupimia, kanga ya kujifunikia na mtahini aliyekaa pembeni na karatasi yake ya alama. Baada ya dakika nane kengele inalia tena, na mwanafunzi anatoka kwenda kituo kinachofuata, ambako huenda akakuta sanamu ya mkono ya kutolea damu, au picha ya eksirei ya kifua, au mama aliyekuja kupewa habari mbaya.

Wanafunzi huuita mtihani huu oski. Aliyeuanzisha ni Ronald Harden wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, ambaye pamoja na wenzake waliueleza katika jarida la tiba la Uingereza mwaka 1975. Kabla ya hapo mtihani wa vitendo ulikuwa na sura ya bahati nasibu. Mwanafunzi mmoja alipewa mgonjwa mwenye moyo wenye sauti ya wazi na mtahini mpole, mwenzake akapewa mgonjwa aliyechoka kuhojiwa na profesa aliyeamka vibaya, kisha wote wawili wakalinganishwa kana kwamba wamefanya mtihani mmoja. Harden aliukata mtihani vipandevipande. Kila mtahiniwa anapita vituo vilevile, kwa muda uleule, na katika kila kituo mtahini anafuata orodha iliyoandikwa mapema ya mambo ya kutiwa alama. Leo vyuo vingi vya tiba duniani, vya Afrika Mashariki vikiwemo, vinautumia kwa namna moja au nyingine.

Orodha hiyo ndiyo roho ya mtihani, na ndiyo pia inayoweza kuuharibu. Nyonga inalionyesha jambo hili kuliko viungo vingi.

Goti likivimba, mtu huliona. Kiwiko kikijaa maji, kidole kinaweza kuyabonyeza. Kiungo cha nyonga kimezikwa chini ya misuli minene ya paja na makalio. Kichwa cha fupaja, yaani ule mpira ulio juu ya mfupa wa paja, kimekaa ndani ya kikombe cha fupanyonga mahali ambapo mkono haufiki. Hata maumivu yake hudanganya. Mgonjwa wa nyonga mara nyingi huonyesha kinena, na wengine, hasa watoto, huonyesha goti, kwa kuwa neva zinazohudumia nyonga zinahudumia pia eneo la goti. Kwa hiyo anayekagua nyonga hukisia hali ya kiungo asichokiona kwa kutazama mambo yanayokizunguka: mwendo, usawa wa kiuno, urefu wa miguu, nafasi ya paja. Karibu kila kipimo katika kituo hiki kina mtego, kwa sababu mwili una ujuzi wa kuificha kasoro ya nyonga kwa kupinda mahali pengine.

Mgonjwa wa mfano wetu ana selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huo, na katika kliniki za mifupa vijana wanaochechemea kwa ajili yake si wageni. Chembe nyekundu zilizopinda kama mundu huziba mishipa midogo ya damu. Kichwa cha fupaja hulishwa zaidi na mishipa membamba inayopanda kando ya shingo ya mfupa, na ikizibwa hakuna njia kubwa ya pili ya kupitisha damu. Sehemu ya mfupa inakufa. Mgonjwa akiendelea kuikanyagia, mpira ule unabonyea, unapoteza uduara wake, na baadaye kiungo chote kinaanza kusagika. Dada huyu amefika hatua hiyo katika nyonga ya kushoto.

Asubuhi ya mtihani, kabla ya mwanafunzi yeyote kuingia, watahini wenyewe humkagua na kuandika walichokikuta. Hatua hii hurukwa kirahisi pale ambapo ratiba imebana, na isiporukwa huokoa mengi. Huenda mgonjwa aliyekuwa na dalili ya wazi wiki iliyopita leo amemeza dawa ya maumivu na anatembea vizuri. Kwa mgonjwa wetu wameandika hivi: mguu wa kushoto mfupi, nyonga ya kushoto haijinyooshi kwa nyuzi 20, mzunguko wa ndani karibu haupo, misuli ya kushoto ya kushikilia kiuno ni dhaifu.

Karatasi ya mtahini ina alama 20:

- Amenawa mikono, amejitambulisha, amethibitisha jina na kuomba ridhaa: 2
- Amehakikisha faragha na uwepo wa msindikizaji, amefunua panapohitajika tu: 1
- Ameuliza panapouma kabla ya kugusa: 1
- Amemtazama mgonjwa akiwa amesimama, mbele, ubavuni na nyuma: 2
- Ametazama mwendo na kuueleza: 2
- Kipimo cha Trendelenburg: amefanya pande zote mbili (1), ametaja upande dhaifu kwa usahihi (1)
- Amepapasa nundu ya nje ya fupaja na kinena huku akitazama uso wa mgonjwa: 1
- Urefu wa miguu: amenyoosha fupanyonga kwanza (1), wa kweli kutoka kwenye ncha za mifupa (1), wa kuonekana (1)
- Kipimo cha Thomas: mkono chini ya kiuno (1), ametaja nyuzi (1)
- Mijongeo: ameshika fupanyonga (1), ametaja mizunguko miwili kwa usahihi (1), amelinganisha na upande mzima (1)
- Amesema angekagua pia goti, mgongo, neva na mapigo ya damu ya mguu: 1

Mistari mitatu ya kwanza huonekana ya adabu tu, na wanafunzi huipita kwa mkupuo wa maneno waliyoyakariri. Lakini nyonga haikaguliwi juu ya suruali. Mgonjwa anatakiwa kubaki na nguo ya ndani, miguu ikiwa wazi tangu kiunoni, na mwanafunzi wa kiume atakuwa anaweka mkono kwenye kinena cha mwanamke asiyemjua. Ndiyo maana kanga ipo kitandani na muuguzi wa kike yupo chumbani. Mwanafunzi mzuri husema, "Habari za asubuhi, dada. Nitahitaji kuiona miguu yako yote miwili tangu kiunoni, na nitakuwa naigusa na kuikunja. Nesi atakuwa nasi muda wote. Ukiumia niambie, nitaacha." Kisha anasubiri jibu. Wapo wanaouliza "ni sawa?" huku tayari wameshika pindo la kanga, na mtahini makini hawapi alama ya ridhaa.

Mpangilio wa ukaguzi, yaani kutazama, kupapasa, kisha kusogeza, ulienezwa na daktari bingwa wa mifupa wa Uingereza Alan Apley, ambaye kitabu chake cha mifupa kilitoka mara ya kwanza mwaka 1959 na bado kinasomwa katika matoleo mapya. Kwenye nyonga kutazama kunaanza mgonjwa akiwa wima, na hapo ndipo wengi wanapoanguka bila kujua. Wanamkuta mgonjwa amelala, wanaanza alipo, na wanapokumbuka kwamba alipaswa kusimama zimebaki dakika mbili.

Akitembea, dada huyu anafanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Anaukanyaga mguu wa kushoto kwa muda mfupi kuliko wa kulia, kwa sababu unauma. Na kila anapoukanyaga, kiwiliwili chake kinayumba kuelekea kushoto. Mwanafunzi anayesema "anachechemea" amerudia karatasi ya mlangoni. Alama ya pili ni ya anayeeleza huo mwegamo na upande wake.

Kinachousababisha ndicho kinachopimwa na mstari unaofuata. Friedrich Trendelenburg, mpasuaji Mjerumani, alikieleza kipimo chake mwaka 1895, mwaka uleule ambao Röntgen aligundua eksirei. Alikuwa akichunguza watu waliozaliwa na nyonga zilizochomoka, ambao huyumba kama bata. Wenzake walidhani kuyumba kunatokana na mpira wa fupaja kuteleza juu na chini. Yeye alionyesha kwamba tatizo lipo kwenye misuli. Mtu anaposimama kwa mguu mmoja, upande wa kiuno usio na mguu chini yake unataka kuanguka. Unaozuia ni msuli wa upande ule mwingine, ule wa mguu uliokanyaga, unaotoka ubavuni mwa fupanyonga hadi kwenye nundu ya nje ya fupaja. Msuli huo ukivuta, kiuno kinabaki sawa au kinapanda kidogo. Ukiwa dhaifu, kiuno kinaanguka upande wa mguu ulionyanyuliwa.

Kwa hiyo dada huyu akisimama kwa mguu wa kushoto, kiuno cha kulia ndicho kinachoanguka. Ugonjwa uko kushoto, jicho linaona kulia. Mwanafunzi mwenye haraka anaona upande wa kulia umeshuka na kutangaza nyonga ya kulia ni mbovu. Amefanya kitendo chote sawasawa na kufika kwenye jibu lililo kinyume.

Kuna kosa la pili lisiloonekana kwa urahisi. Mwanafunzi anamwambia mgonjwa ainue mguu, anatazama kwa sekunde mbili, anasema kiuno kiko sawa. Msuli uliodhoofika kiasi unaweza kubeba uzito kwa muda mfupi kisha ukashindwa. Wapo wanaofundisha mgonjwa asimame hivyo kwa sekunde 30. Na anatakiwa kutazamwa mabega pia, kwani mwenye msuli dhaifu akiegemeza kiwiliwili juu ya mguu aliokanyaga, uzito unahamia juu ya nyonga na kiuno hakishuki. Mwanafunzi mwenye uzoefu humwekea mgonjwa mikono yake aishikilie kwa wepesi; mgonjwa anapoanza kuielemea upande mmoja kwa nguvu, anaisikia hila hiyo mikononi kabla ya kuiona kiunoni.

Dada akiwa amelala chali, kazi ya kwanza ni kulinyoosha fupanyonga. Mbele ya kiuno, kila upande, kuna ncha ya mfupa inayogusika kirahisi hata kwa mtu mnene. Mstari unaounganisha ncha hizo mbili unatakiwa kuukata mwili mraba. Asipofanya hivyo, vipimo vyote vya futi vitakavyofuata ni vya kubahatisha.

Urefu wa kweli wa mguu hupimwa kutoka kwenye ncha hiyo hadi kwenye nundu ya ndani ya kifundo cha mguu. Urefu wa kuonekana hupimwa kutoka kitovuni hadi kwenye nundu ileile. Tuseme kwa dada huyu mguu wa kulia una sentimita 86 za kweli na wa kushoto 84. Kutoka kitovuni, kulia ni 95 na kushoto 91. Mguu wa kushoto ni mfupi kweli kwa sentimita 2, hizo zikiwa zimetokana na kichwa cha fupaja kilichobonyea. Lakini unaonekana mfupi kwa 4. Sentimita 2 nyingine hazijapotea kwenye mfupa wowote: paja la kushoto limekakamaa likiwa limevutwa kwa ndani, na ili miguu ilale sambamba, kiuno cha kushoto kimelazimika kupanda.

Tofauti hiyo ina uzito kwa fundi viatu na kwa daktari mpasuaji vilevile. Anayemwekea soli ya sentimita 4 kwa kutazama tu amefidia mfupa ambao haujapungua. Palipo na ukakamavu wa namna hii, anayepima urefu wa kweli hupaswa kuuweka mguu mzima katika mkao uleule wa mguu mgonjwa, la sivyo futi inapita njia mbili zisizolingana. Wanafunzi wachache hulikumbuka hilo chini ya saa inayohesabu.

Kipimo cha Thomas ndicho kinachonifanya mwandishi huyu aamini kwamba orodha ya alama inaweza kuwa ya hatari. Hugh Owen Thomas alitoka ukoo wa waunga mifupa wa Anglesey, Wales, akafanya kazi Liverpool katika karne ya 19. Gango lake la mguu lilikuja kutumika sana katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kipimo alichokiacha ni chepesi. Nyonga iliyokakamaa ikiwa imekunjika haiwezi kulala kitandani, lakini mgonjwa akiinua kiuno na kuacha uwazi chini ya mgongo, paja linashuka na kuonekana limenyooka. Kasoro imehamia kwenye uti wa mgongo. Ili kuifichua, mwanafunzi anatelezesha kiganja chini ya kiuno cha mgonjwa, anakunja mguu mzima, yaani wa kulia, hadi goti likaribie kifua, na anaendelea mpaka mgongo ukibane kiganja. Sasa uti umenyooka na hauna pa kuficha. Paja la kushoto linanyanyuka lenyewe kutoka kitandani. Pembe kati ya paja hilo na kitanda ndiyo nyuzi ambazo nyonga imekosa, kwa mgonjwa wetu 20.

Kiganja chini ya kiuno ndicho kipimo chenyewe. Bila hicho, mwanafunzi hajui kama mgongo umelala. Hata hivyo, katika orodha nyingi za zamani mstari huu uliandikwa kwa maneno manne tu: "Amefanya kipimo cha Thomas." Mwanafunzi anakunja goti moja hewani, anasema jina la Thomas kwa sauti, mtahini anatia tiki. Anaweza hata kuukunja mguu mgonjwa badala ya mzima na tiki ikabaki palepale. Mgonjwa mwenye nyonga ya bandia upande unaokunjwa naye yuko hatarini, kwa sababu kuikunja sana kunaweza kuichomoa, na orodha isiyosema lolote juu ya hilo inamfundisha mwanafunzi asiulize.

Mijongeo ndiyo sehemu ndefu, lakini inaweza kufanywa haraka na mtu anayejua anatafuta nini. Nyonga nzima hukunjika hadi nyuzi 120 hivi na hutanuka kwenda nje kama 45. Mkono mmoja wa mwanafunzi unabaki kwenye ncha ya fupanyonga ya upande wa pili. Anapolitanua paja na kuisikia ncha hiyo ikianza kusogea, nyonga imefika mwisho wake. Kinachoendelea baada ya hapo ni kiuno kizima kinachogeuka. Asiyeshika fupanyonga huweza kutangaza nyuzi 40 kwa mgonjwa mwenye 15.

Kisha mizunguko. Nyonga na goti vikiwa vimekunjwa nyuzi 90, mguu wa chini unatumika kama usukani. Hapa jicho linadanganywa tena: unyayo ukisukumwa kwenda nje, paja linazunguka kwenda ndani. Wanafunzi wanaoufuata unyayo kwa macho hutaja mizunguko yote miwili kinyume. Na mzunguko wa ndani si wa kukosewa, kwa kuwa katika nyonga inayosagika mara nyingi ndio unaoanza kupotea. Kwa dada huyu unyayo wa kulia unakwenda nje bila taabu kiasi cha nyuzi 35. Wa kushoto unagota mara moja, na uso wake unakunjamana. Mwanafunzi aliyekuwa akimtazama usoni anaacha hapohapo. Aliyekuwa akitazama mguu anasukuma tena ili kuhakikisha.

Jambo hilo la kusukuma tena lina upande wake usiosemwa sana. Kama wanafunzi 60 wanapita kituo hiki na kila mmoja anaizungusha nyonga yenye maumivu, mgonjwa hawezi kumaliza siku. Msuli dhaifu aliousimamia kwa sekunde 30 asubuhi, mchana unashindwa ndani ya sekunde tano, hivyo mwanafunzi wa hamsini anapewa dalili rahisi kuliko wa tano. Vyuo vinavyojali hutafuta wagonjwa wawili au watatu wenye kasoro inayofanana wakapokezana, hupanga mapumziko, na humruhusu mtahini kumwambia mwanafunzi, "Hapo nyonga imefika mwisho, endelea." Vingine hutumia mtu mzima wa afya aliyefunzwa kuigiza. Mwigizaji anaweza kuchechemea na kukunja uso, lakini hawezi kuufupisha mfupa, na mtihani hapo unabaki wa kupima mikono tu, si kupima kama mikono imegundua kitu.

Tuwachukue watahiniwa wawili wa kubuni, Amina na Juma, wote wamekagua nyonga hii.

Amina amegusa karibu kila mstari. Amejitambulisha vizuri, amemsimamisha mgonjwa, amepima futi, amekunja na kuzungusha. Lakini amesema nyonga ya kulia ndiyo dhaifu, hakunyoosha fupanyonga, amepima urefu wa kweli kutoka kwenye nyama ya ubavu, hakuweka mkono chini ya kiuno, na ametaja mizunguko kinyume. Juma amesahau kuuliza kama nesi yupo, hakumtazama mgonjwa kwa nyuma, hakupapasa, na kengele imemkuta kabla ya kupima kutoka kitovuni wala kutaja goti. Alichokifanya amekifanya sawasawa, na kwa mtahini amesema: "Nyonga ya kushoto imekakamaa kwa nyuzi 20, mzunguko wa ndani umekwisha, mguu umefupika kwa sentimita 2 na misuli ya kushoto ni dhaifu. Ningeomba eksirei ya nyonga zote mbili." Amesema zote mbili kwa sababu akimtazama kijana huyu anafikiria mfupa uliokosa damu, na ugonjwa huo hupenda kushika pande mbili.

Kwa orodha ya zamani ya "amefanya, hakufanya", Amina anapata 17 kati ya 20 na Juma 15. Kwa orodha iliyo hapo juu Juma anabaki na 15, Amina anashuka hadi 11: amepoteza moja kwa Trendelenburg, mbili kwa futi, mbili kwa Thomas na moja kwa mizunguko.

Watafiti wa Toronto waliligusa jambo la jinsi hii mwaka 1999. Waliwapitisha wanafunzi, madaktari walio mafunzoni na madaktari wazoefu katika vituo vya mahojiano ya magonjwa ya akili. Kwa orodha za tiki, wazoefu walipata alama ndogo kuliko wachanga, kwa kuwa hawakuuliza kila swali. Waliuliza machache yaliyowafikisha kwenye jibu. Kwa tathmini ya jumla ya mtahini, wazoefu waliongoza. Ndiyo sababu karatasi nyingi za oski leo zina, chini ya jumla ya alama, visanduku vichache: ameshindwa, yuko mpakani, amefaulu, amefanya vizuri sana. Mtahini anatia alama kimoja kwa kumtazama mwanafunzi kwa ujumla wake, bila kujumlisha tiki.

Visanduku hivyo vina kazi nyingine. Vyuo vingi vimeacha kuamua kwamba 50 kwa 100 ndiyo kufaulu, maana kituo cha kupima presha si kigumu sawa na cha nyonga. Njia moja nyepesi ni kuwachukua wote waliowekwa mpakani na kutafuta wastani wa alama zao za orodha. Tuseme katika kituo hiki walikuwa kumi na jumla yao ilikuwa 116. Wastani ni 11.6, na hiyo inakuwa alama ya kufaulu kwa kituo hicho, siku hiyo. Ipo njia pana zaidi inayotumia alama za watahiniwa wote na kuchora mstari kati ya visanduku na tiki, lakini wazo ni lilelile: mpaka unatokana na macho ya watahini waliokuwa chumbani. Kwenye vikundi vidogo njia zote mbili huyumba, kwani watahiniwa watatu wa mpakani wanaweza kuubeba au kuuangusha mpaka peke yao.

Amina na 11 zake yuko chini ya mpaka kwa sehemu sita za kumi. Kushindwa kituo kimoja hakumfelishi mtihani mzima; vyuo kwa kawaida hutazama jumla ya alama na idadi ya vituo alivyovuka. Anapoirudishiwa karatasi, hakuti maneno "amefanya kipimo cha Thomas" yenye mkwaju. Anakuta mstari wenye nafasi mbili, ya mkono chini ya kiuno na ya nyuzi, zote zikiwa na sifuri, na pembeni mwandiko wa mtahini: "Mgongo ulikuwa umeinuka muda wote."